Mashine ya Awamu Katika Vitabu vya Hesabu

Anayenunua mashine kwa awamu hupata vitu viwili kwa mpigo mmoja: mashine yenyewe, na muda wa kuilipia. Kila kimoja kina bei yake. Bei ya mashine ni ile ambayo angelipa kama fedha zote angekuwa nazo mkononi siku hiyo, yaani bei ya taslimu. Bei ya muda ni riba. Mkataba kwa kawaida huzichanganya bei hizi mbili ndani ya namba moja, lile rejesho la kila mwezi au kila mwaka, na muuzaji akiulizwa hutaja rejesho hilo tu. Kazi ya mtunza hesabu ni kuzitenganisha tena, kisha kuipeleka kila moja katika mwaka unaostahili kuibeba.

Kwa mtazamo wa sheria, mkataba wa namna hii ni wa kukodi unaoweza kuishia katika kununua. Mnunuzi huchukua chombo, hulipa kianzio, na huendelea kulipa awamu, lakini umiliki hubaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho iingie. Msingi huu uliwekwa wazi Uingereza mwaka 1895 katika kesi ya Helby dhidi ya Matthews. Mtu alichukua piano kwa malipo ya kila mwezi, kisha akaenda kuiweka rehani kabla hajamaliza kulipa. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba mwenye piano ana haki ya kuirudisha kutoka kwa mweka rehani, kwa sababu aliyeichukua hakuwa amefungwa kuinunua. Alikuwa amekodi, na angeweza kuirudisha wakati wowote. Sheria za ununuzi wa kukodi katika nchi zilizorithi mfumo wa Kiingereza, Kenya ikiwamo, zilijengwa juu ya wazo hilo.

Kama mashine si ya mnunuzi, kwa nini basi iandikwe katika vitabu vyake kama mali? Jibu ni kwamba hesabu hufuata kiini cha jambo kuliko umbo lake kisheria. Mashine iko kwenye kibanda cha mnunuzi. Yeye ndiye anayeitumia kila siku, ndiye anayeitengeneza ikiharibika, ndiye anayepata mapato yake, na mpango wa pande zote mbili ni kwamba itabaki kwake. Deni lake nalo ni deni la kweli. Kiwango cha kimataifa IFRS 16, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019 kuchukua nafasi ya IAS 17, hutaka mali inayokodiwa kwa namna hii ionekane kwenye mizania ya anayeitumia, na deni lake lionekane kando yake. Kumwachia muuzaji mashine hiyo kwenye karatasi kungemfanya msomaji wa hesabu aione biashara ndogo kuliko ilivyo, na isiyo na madeni ilhali inadaiwa.

Njia nzuri ya kuuelewa utaratibu huu ni kuufuata kwa mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme msagaji wa mahindi wa Kitale, anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe bila kampuni, anachukua mashine ya kukoboa na kusaga pamoja na mota yake. Bei ya taslimu ni shilingi 2,420,000. Siku ya kwanza ya Januari 2024 analipa kianzio cha shilingi 600,000, na kinachobaki, shilingi 1,820,000, atakilipa kwa awamu tatu. Kila awamu ni shilingi 864,000, inayolipwa tarehe 31 Desemba ya 2024, 2025 na 2026, baada ya msimu wa mavuno ambapo fedha huwa zinapatikana. Mwaka wake wa hesabu pia unaishia tarehe hiyohiyo.

Jumla ya awamu tatu ni shilingi 2,592,000. Deni lililobaki baada ya kianzio lilikuwa 1,820,000, kwa hiyo tofauti ya shilingi 772,000 ndiyo riba yote ya mkataba. Ukijumlisha kianzio na awamu zote unapata shilingi 3,192,000, na hiyo ndiyo bei ya mkataba. Mpaka hapa hesabu ni ya kutoa na kujumlisha tu. Ugumu uko mbele kidogo: katika hizo 772,000, ni kiasi gani ni gharama ya mwaka 2024, kiasi gani cha 2025, na kiasi gani cha 2026?

Jibu la haraka ni kugawa kwa tatu, takriban shilingi 257,333 kwa mwaka. Wauzaji wengi hufikiri hivyo, na hapo ndipo hutoka ile kauli kwamba riba ni asilimia 14 kwa mwaka, kwa kuwa 257,333 ni kama asilimia 14 ya 1,820,000. Lakini msagaji hadaiwi 1,820,000 kwa miaka yote mitatu. Kila anapolipa, deni linapungua, na katika mwaka wa mwisho anadaiwa chini ya nusu ya alichoanza nacho. Kutoza riba ileile juu ya deni linaloyeyuka ni kuficha ukweli kwamba kiwango halisi ni kikubwa zaidi.

Kiwango halisi ni kile ambacho, kikitumika juu ya deni lililobaki kila mwaka, awamu ya mwisho hulimaliza deni bila kuacha salio wala kuzidisha. Hupatikana kwa kujaribu. Chukua asilimia 18: ongeza asilimia hiyo juu ya 1,820,000, toa 864,000, rudia kwa salio jipya, na rudia tena. Mwisho wa mwaka wa tatu msagaji atakuwa amelipa zaidi ya deni kwa shilingi 96,000 na ushei, maana yake kiwango ni kidogo mno. Chukua asilimia 22: mwisho wa mwaka wa tatu zitabaki shilingi 100,000 na ushei ambazo mkataba hauzidai, kwa hiyo kiwango kimezidi. Kati ya hayo mawili, asilimia 20 hutua sifuri kamili. Anayetumia kompyuta hana haja ya kubahatisha. Katika programu ya jedwali huandika idadi ya awamu, rejesho likiwa na alama ya kutoa kwa sababu ni fedha inayotoka, na deni baada ya kianzio:

```
=RATE(3,-864000,1820000)
```

Jawabu ni 20%. Tahadhari moja hapa: kiwango kinachotolewa ni cha kipindi kimoja cha malipo. Kama awamu ni za kila mwezi, namba itakayotoka ni riba ya mwezi, nayo hutumika mwezi kwa mwezi katika jedwali lenye mistari 36. Riba ya mwaka hupatikana kwa kujumlisha mistari 12 ya mwaka huo.

Kiwango kikishajulikana, jedwali hujijenga lenyewe:

| Mwaka | Deni mwanzoni | Riba 20% | Awamu | Deni mwishoni |
|---|---|---|---|---|
| 2024 | 1,820,000 | 364,000 | 864,000 | 1,320,000 |
| 2025 | 1,320,000 | 264,000 | 864,000 | 720,000 |
| 2026 | 720,000 | 144,000 | 864,000 | 0 |

Riba za miaka mitatu zikijumlishwa ni 772,000, sawasawa na zile za mwanzo. Ukitazama ndani ya kila awamu utaona kwamba namba ileile ya 864,000 hubadilika tumbo mwaka hadi mwaka. Katika mwaka wa kwanza, shilingi 364,000 zilikwenda kwenye riba na 500,000 ndizo zilizopunguza deni. Mwaka wa pili waliopunguza deni walikuwa 600,000, na wa tatu 720,000. Mnunuzi anayelalamika kwamba amelipa mwaka mzima na deni halijasogea sana hakosei. Mwanzoni mwa mkataba sehemu kubwa ya fedha yake hulipia muda.

Makosa ya kwanza hutokea kwenye jedwali hili, na dalili yake ni rahisi kuiona: salio la mwisho halitui sifuri. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kukokotoa riba juu ya bei nzima ya taslimu badala ya deni baada ya kianzio. Kwa msagaji wetu, asilimia 20 ya 2,420,000 ni 484,000, yaani shilingi 120,000 zaidi ya riba sahihi ya mwaka wa kwanza. Kianzio kililipwa siku ya kwanza. Hakikukopwa hata siku moja, kwa hiyo hakizai riba. Kosa jingine hutokana na tarehe. Mkataba ukitaka awamu ya kwanza ilipwe siku ileile ya kuchukua mashine, awamu hiyo haina riba ndani yake na hutolewa yote kwenye deni kabla riba yoyote haijakokotolewa. Anayefuata jedwali la malipo ya mwisho wa mwaka kwa mkataba wa malipo ya mwanzo wa mwaka atapata kiwango kisicho chake. Tofauti ndogo ya shilingi chache katika mstari wa mwisho, inayotokana na kukadiria desimali, haina shida. Huongezwa au hupunguzwa kwenye riba ya mwaka wa mwisho.

Kutoka kwenye jedwali sasa namba huingia leja. Tarehe 1 Januari 2024 akaunti ya mashine hudebitiwa 2,420,000, bei ya taslimu na si zaidi. Benki hukreditiwa 600,000 za kianzio, na akaunti ya muuzaji hukreditiwa 1,820,000. Siku hiyo riba haionekani popote, kwa sababu hakuna hata siku moja ya muda iliyokwisha kutumiwa. Tarehe 31 Desemba, gharama ya riba hudebitiwa 364,000 na akaunti ya muuzaji hukreditiwa kiasi hicho, jambo linalolipandisha deni hadi 2,184,000. Kisha awamu inapolipwa, akaunti ya muuzaji hudebitiwa 864,000 na benki hukreditiwa. Salio la akaunti ya muuzaji ni 1,320,000, na hilo lazima lilingane na safu ya mwisho ya jedwali. Lisipolingana, kuna kitu kimeandikwa vibaya, na ni afadhali kukitafuta siku hiyohiyo kuliko baada ya mwaka.

Baadhi ya watunza hesabu hufuata njia nyingine ambayo bado ni halali. Humkreditia muuzaji awamu zote tatu kwa pamoja, 2,592,000, ili akaunti yake ifanane na taarifa anazowaletea wateja, na riba yote ya 772,000 huiweka kwenye akaunti ya riba isiyofikiwa na wakati wake. Kila mwisho wa mwaka sehemu ya mwaka huo hutolewa huko na kupelekwa kwenye gharama. Njia hii haibadilishi faida wala deni, ilimradi kwenye mizania akaunti hizo mbili zitolewe moja kwa nyingine na deni lionekane 1,820,000 siku ya kwanza. Hatari yake ni kusahau kuzitoa, na hapo biashara huonekana inadaiwa riba ya miaka ambayo bado haijafika.

Uchakavu wa mashine huenda njia yake peke yake, na hapa ndipo wengi huchanganya. Mashine haichakai kwa kasi ya mkataba. Kwa kuwa umiliki utamwangukia msagaji mwishoni, uchakavu hugawanywa kwa miaka ambayo mashine inatarajiwa kufanya kazi, wala si kwa miaka mitatu ya malipo. Tukikadiria kwamba itasaga kwa miaka 8 na kwamba mwishoni itauzika kwa shilingi 220,000, kinachogawanywa ni 2,200,000, na uchakavu wa mwaka ni 275,000. Ukokotoaji huanzia bei ya taslimu. Anayeanzia bei ya mkataba ya 3,192,000 atapata uchakavu wa 371,500 kwa mwaka na atakuwa ameizika riba ndani ya chuma. Kama pia ameiandika riba kwenye gharama kila mwaka, atakuwa ameihesabu mara mbili. Uchakavu unaokubaliwa na mamlaka ya kodi una viwango vyake, navyo havilazimiki kufanana na vya vitabu vya biashara, kwa hiyo jedwali la kodi huwekwa kando.

Mwisho wa 2024, basi, hesabu ya faida na hasara ya msagaji hubeba vitu viwili kutokana na mashine hii: riba 364,000 na uchakavu 275,000, jumla 639,000. Mwaka 2025 jumla inashuka hadi 539,000, na 2026 inashuka tena hadi 419,000. Kuanzia 2027 deni limekwisha na kinachobaki ni uchakavu wa 275,000 tu kwa miaka mitano iliyosalia.

Linganisha na mfanyabiashara anayeandika kila fedha inayotoka kama kodi ya mashine, kosa lililoenea sana katika biashara ndogo zinazotumia daftari moja la fedha. Huyo ataandika gharama ya 1,464,000 mwaka wa kwanza, kianzio pamoja na awamu. Miaka miwili inayofuata ataandika 864,000 kila mwaka, na kuanzia mwaka wa nne ataandika sifuri. Mwaka wa kwanza ataonekana amepata hasara, pengine akatae kuongeza kijana wa kupima unga au ashindwe kupata mkopo wa kununulia mahindi. Mwaka wa nne ataonekana amefanikiwa ghafla, na faida hiyo atadhani imetokana na bidii au bei nzuri ya unga, kumbe mashine ileile bado inasaga na kuchakaa bila kuandikwa. Anayepanga bei ya kusaga debe moja kwa kutazama hesabu za namna hiyo atawatoza wateja wa mwaka wa kwanza kupita kiasi, na wa baadaye atawasagia chini ya gharama. Hili ni jambo zito, kwa sababu mashine itakapokufa mwaka wa nane hatakuwa na akiba ya kununua nyingine.

Kwenye mizania ya 31 Desemba 2024 mashine huonekana kwa 2,145,000, yaani bei ya taslimu ukitoa uchakavu wa mwaka mmoja. Upande wa madeni huonekana 1,320,000, lakini si kwa mkupuo. Sehemu itakayolipwa ndani ya miezi 12 huwekwa kwenye madeni ya muda mfupi, na inayobaki kwenye ya muda mrefu. Wengi huweka awamu nzima inayofuata, 864,000, kwenye muda mfupi. Hilo si sahihi, kwa kuwa ndani ya awamu hiyo kuna 264,000 ambazo ni riba ya 2025, mwaka ambao siku hiyo bado haujaanza. Deni la muda mfupi ni 600,000, sehemu ya awamu ijayo itakayopunguza deni, na la muda mrefu ni 720,000. Afisa wa benki anayetazama kama biashara inaweza kujikimu kwa mwaka mmoja ujao hutazama mstari huo hasa.

Mfano huu umefanywa mwepesi kwa kuanzisha mkataba siku ya kwanza ya mwaka wa hesabu. Maishani mashine huchukuliwa siku yoyote. Tuseme msagaji angeichukua tarehe 1 Aprili 2024, na awamu zikawa zinalipwa tarehe 31 Machi ya kila mwaka unaofuata. Jedwali la riba halibadiliki. Hufuata mwaka wa mkataba. Kinachobadilika ni namna riba hiyo inavyokatwa ili itoshee mwaka wa hesabu. Kufikia 31 Desemba 2024 miezi 9 ya mwaka wa kwanza wa mkataba imepita, kwa hiyo robo tatu ya 364,000, yaani 273,000, ni gharama ya 2024, ingawa hakuna awamu hata moja iliyolipwa. Deni kwenye mizania ni 2,093,000, kubwa kuliko siku mashine ilipochukuliwa, kwa sababu riba imeongezeka na malipo bado. Mwaka 2025 hubeba robo iliyobaki ya mwaka wa kwanza wa mkataba, 91,000, pamoja na robo tatu ya mwaka wa pili, 198,000, jumla 289,000. Mwaka 2026 hubeba 174,000, na 2027 hubeba 36,000 za miezi mitatu ya mwisho. Zote kwa pamoja bado ni 772,000. Uchakavu wa mwaka wa kwanza nao huwa wa miezi 9 tu, shilingi 206,250. Mtunza hesabu anayesubiri awamu ilipwe ndipo aandike riba atakuta 2024 haina riba kabisa na 2025 imebebeshwa ya mwaka mzima.

Kabla ya kompyuta kuenea, wahasibu wengi waliokwepa kazi ya kutafuta kiwango walitumia kanuni ya jumla ya tarakimu, ambayo bado hufundishwa na bado hukutwa ndani ya mikataba. Miaka hupewa namba kwa kurudi nyuma: wa kwanza 3, wa pili 2, wa tatu 1. Jumla ni 6. Mwaka wa kwanza hupewa sehemu tatu kati ya sita za riba, 386,000. Wa pili 257,333. Wa tatu 128,667. Ukilinganisha na jedwali la asilimia 20, kanuni hii iko karibu na ukweli kuliko kugawa sawa, lakini huibebesha miaka ya mwanzo riba zaidi kidogo. Kwa mkataba mfupi wenye kiwango kidogo tofauti haisumbui. Mkataba ukiwa mrefu na riba ikiwa kubwa, pengo hupanuka, na hapo njia ya kiwango halisi ndiyo pekee inayofaa. Kwa kuwa programu ya jedwali huitoa kwa mstari mmoja, hakuna sababu nzuri tena ya kutumia nyingine.

Pengo hilo huhamia mfukoni pale mnunuzi anapotaka kumaliza deni mapema. Msagaji akija na fedha zote mara tu baada ya awamu ya kwanza, jedwali la kiwango halisi linasema anadaiwa 1,320,000. Muuzaji anayetumia jumla ya tarakimu atamwambia 1,342,000, yaani awamu mbili zilizobaki ukitoa riba ambayo kwa kanuni yake bado haijaiva. Na muuzaji asiyetoa punguzo lolote atadai awamu zote mbili, 1,728,000, akimlipisha bei ya muda ambao hatautumia. Kinachoamua ni kifungu cha mkataba kuhusu kumaliza mapema, na kifungu hicho husomwa kabla ya kusaini, kwa sababu baadaye hakibadiliki. Kiasi chochote kitakacholipwa zaidi ya salio la leja huandikwa kama gharama ya fedha ya mwaka huo.

Upande wa pili ni pale malipo yanaposhindikana. Tuseme mwanzoni mwa 2025 biashara imekwama, mashine inarudi kwa muuzaji na pande zote zinakubaliana kwamba hakuna anayemdai mwenzake. Vitabuni mashine hutolewa kwa thamani yake ya 2,145,000, na deni hufutwa kwa 1,320,000. Tofauti, shilingi 825,000, ni hasara. Namba hiyo inaweza kuhakikiwa kwa njia nyingine: msagaji ametoa mfukoni 1,464,000, na katika hizo 639,000 tayari zimeandikwa kama riba na uchakavu wa 2024, zilizobaki ni 825,000 zilezile. Njia mbili zinapokutana namna hii, mtunza hesabu anaweza kufunga kitabu kwa utulivu.

Sheria ya Kenya ya Ununuzi wa Kukodi, Sura ya 507, humlinda mnunuzi katika jambo hili kwa mikataba inayoangukia chini yake. Ukomo wake ni bei ya mkataba isiyozidi shilingi milioni 4, na mkodi asiwe kampuni, kwa hiyo mkataba wa msagaji wetu umo. Mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei ya mkataba, muuzaji hawezi kuichukua mashine bila kwenda mahakamani. Theluthi mbili ya 3,192,000 ni 2,128,000. Baada ya awamu ya kwanza msagaji amelipa 1,464,000 pamoja na kianzio, hajafika. Baada ya awamu ya pili amefika 2,328,000, na ulinzi huo ni wake. Hesabu hii hufanywa kwa bei ya mkataba na fedha zote zilizolipwa, si kwa deni lililo kwenye leja, kwa hiyo stakabadhi ya kianzio ni ya kutunzwa kama za awamu zote.

Sheria hiyohiyo humtaka muuzaji amjulishe mnunuzi kwa maandishi bei ya taslimu ya chombo kabla mkataba haujafanywa. Mnunuzi aidai karatasi hiyo na aihifadhi pamoja na mkataba, kwa sababu bila bei ya taslimu hakuna namna ya kujua riba ni kiasi gani, na hesabu yote iliyoelezwa hapa haina pa kuanzia.